Wale Ambao Hawapewi Maiki

Kwenye ploti tuliyokuwa tukikaa Athi River, mwendo wa dakika kama ishirini kutoka geti la EPZ, nilikuwa na jirani aliyeshona suruali za jinzi za kwenda Marekani. Suruali nzima hakuwahi kushona. Kazi yake ilikuwa mfuko wa nyuma, wa kulia, kutoka asubuhi hadi jioni, kwa muda wote wa mkataba. Mkataba ulikuwa wa miezi michache, na ukikaribia kwisha kila mtu kwenye laini alianza kumchekea supavaiza hata kama hakuna kilichochekesha.

Mwaka mmoja, mkataba ukiwa umebakisha wiki tatu, kanisa lake lilitangaza mbegu ya kufungua milango. Alipanda shilingi 5,000, pesa aliyokuwa ameweka ya kodi ya nyumba. Wiki tatu zikaisha. Orodha ikabandikwa ukutani na jina lake halikuwepo. Nilidhani angekuja kwangu na hasira, na kusema kweli nilikuwa nimemwandalia hasira zangu pia. Alikuja kuomba jiko. Akiwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini chapati zimekuwa ngumu, "Labda niliitoa na shaka."

Sentensi hiyo imenisumbua kuliko zile 5,000. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mmeshamaliza na mada hii: wachungaji ni wezi, waumini wamelala, tuendelee. Mimi pia niliwahi kuishi na jibu hilo na likanitosha, mpaka nilipojaribu kulitumia kwa huyu dada. Hakuwa mjinga. Alijua bei ya unga kwenye maduka manne, na chama cha ploti yetu yeye ndiye aliyekuwa akikishikia daftari. Sasa mtu anayehesabu hivyo anatoaje kodi ya nyumba?

Tuanze na kesi ambayo kila Mkenya anaikumbuka. Novemba 2014, runinga ya KTN ilionyesha uchunguzi wake kuhusu Victor Kanyari wa Salvation Healing Ministry. Watu walikuwa wakiambiwa wapande mbegu ya shilingi 310 kwa M-Pesa ndipo waombewe. Tarakimu hizo ukizitazama vizuri ni Malaki 3:10, aya ya fungu la kumi na madirisha ya mbinguni. Tuliona pia jinsi miguu ya wagonjwa ilivyooshwa kwa maji yaliyotiwa potasiamu pamanganeti, ile dawa ambayo punje zake chache hugeuza maji kuwa mekundu ya zambarau, ili ionekane kama damu ya ugonjwa inatoka. Tukasikia habari za mashahidi wa kulipwa. Nchi ilicheka kwa mwezi mzima, na "panda mbegu" ikawa mzaha wa matatu. Kanyari aliendelea kuhubiri.

Shida ya kesi ya Kanyari ni kwamba inatufundisha kidogo sana. Pale kulikuwa na ndoo na kemikali, na ukishazionyesha umemaliza. Lakini kwenye kanisa la jirani yangu hakukuwa na ndoo. Nilienda Jumapili tano kwa sababu aliniomba, na baadaye nikarudi nyingine kwa sababu nilitaka. Mchungaji aliishi nyumba ya kupanga kama sisi. Mashahidi walikuwa watu ninaowajua: yule wa duka la mitumba, yule mwendesha boda aliyemaliza kulipia pikipiki. Hakuna aliyelipwa asimame, na kwa kadiri nilivyoweza kujua hakuna aliyedanganya. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Je, kila mtu akisema ukweli kanisani, bado kanisa zima linaweza kuwa linapotosha?

Naamini linaweza, na hata hesabu ya kuonyesha jinsi gani haihitaji darasa. (Nilisoma takwimu chuoni miaka miwili kabla ya kuacha; hii ni ya wiki ya kwanza.) Chukua kanisa la watu 600, wote wamepanda mbegu mwezi wa Januari. Kisha tuseme, kwa ajili ya mfano tu, mbegu haifanyi lolote kabisa. Hata hivyo maisha yanaendelea. Katika mwaka mmoja mtu mmoja kati ya kumi atapata kitu kizuri: kazi, mchumba, deni kusamehewa, mtoto kuitwa shule nzuri. Hao ni watu 60. Mwaka una Jumapili 52. Maana yake unaweza kuwa na ushuhuda mmoja wa kweli kila Jumapili, mwaka mzima, na bado ukabakiwa na watu wanane wa kushuhudia kwenye kesha. Aliyekaa kwenye kiti cha plastiki atakuwa amesikia ushindi 52 mfululizo. Wale 540 wengine hatawasikia hata mara moja, kwa sababu hakuna kipindi kwenye ibada ambapo mtu anaitwa mbele aseme, "Nilipanda, nikangoja, hakuna kilichokuja, bwana asifiwe."

Ili ujue kama mbegu inaota ungehitaji kuwasikia watu wa makundi manne: waliopanda wakapata, waliopanda wakakosa, wasiopanda wakapata, na wasiopanda wakakosa. Kisha ulinganishe waliopata kati ya waliopanda na waliopata kati ya wasiopanda. Maiki inapewa kundi la kwanza peke yake. Na tuwe waadilifu, sisi tunaocheka tunafanya yaleyale. Tunachukua waliopanda wakakosa, tunawaweka Tiktok, na tunaita hiyo ushahidi. Kanyari ni ushuhuda wa upande wetu.

Kwa hivyo swali la kwa nini mtu anayehesabu vizuri anapanda limejibiwa nusu: hesabu aliyopewa imekatwa. Nusu nyingine niliipata mbali kidogo, nchini Ghana, kwenye utafiti uliochapishwa 2020 na wanauchumi watano, miongoni mwao Emmanuelle Auriol, Amma Panin na Paul Seabright. Walienda kwa waumini wa kanisa la Kipentekoste mjini Accra. Kwa kuchagua kwa bahati nasibu, wengine wakaandikishwa kwenye bima ya mazishi ya kampuni ya kawaida, na wengine wakaelezwa tu kuhusu bima hiyo bila kuandikishwa. Baadaye waliwekewa pesa za kweli mbele yao wazigawe: kiasi gani wabaki nacho, kiasi gani waende nacho kanisani au kwenye mambo mengine ya kiroho.

Waliokuwa na bima walitoa kidogo zaidi, na tofauti ilikuwa ya wazi.

Kaa na hilo kidogo. Hakuna aliyewahubiria, na hakuna aliyewaonyesha video ya mchungaji mwizi. Walipewa tu karatasi inayosema kwamba msiba ukitokea kuna mtu atalipa, na mkono wao ukalegea. Waandishi wanaona kwamba sehemu ya sadaka ilikuwa ikifanya kazi ya bima: waumini walimchukulia Mungu kuwa anaingilia kati mambo ya dunia, na kutoa kulikuwa njia ya kujikinga na siku mbaya. Lile lilikuwa kanisa moja, mji mmoja, na sadaka za kawaida, siyo kampeni za mbegu za milango. Siwezi kulibeba jibu lote kutoka Accra na kulitua Athi River. Lakini linanipa macho mengine ya kutazama sufuria ile mlangoni.

Kwa sababu Athi River ni mji wa watu wasio na bima ya kitu chochote cha maana. Ulikua kando ya reli, ukapata kiwanda cha nyama cha KMC, ukapata simenti, na baada ya sheria ya EPZ ya 1990 ukapata viwanda vya nguo ambavyo soko lao liko ng'ambo na hatima yao inaamuliwa na sheria ya biashara ya nchi nyingine. Agosti 2018, ARM Cement, kampuni iliyokuwa na jina la mji huu ndani ya jina lake, Athi River Mining, iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni. Ukiwa mbeba mifuko pale hakuna bidii yako yoyote ambayo ingezuia hilo. Hapa unaweza kufanya kila kitu sawa, uamke saa kumi, usinywe, usigombane, na bado orodha ikabandikwa ukutani bila jina lako. Mtu akikuambia kuna mkono ulio juu ya orodha, na mkono huo unasikia, anakuuzia kitu ambacho kampuni ya bima haikuuzii kwa sababu hesabu zake haziwezi kubeba hatari ya aina yako. Hata mimi nafsi yangu, mwezi ambao nilingoja malipo ya makala matatu na hayakuja, nilielewa kabisa.

Sasa, wazo lenyewe la mbegu halikuzaliwa kwenye mabati ya Athi River. Oral Roberts, mhubiri wa Oklahoma, ndiye aliyelieneza: toa kwanza, toa ukitarajia, na utakachovuna kitahusiana na ulichopanda. Kenneth Hagin akafundisha upande wa ukiri, kwamba imani hutamkwa na kikitamkwa hutokea. Kwetu yakafika kupitia mikutano ya injili, kaseti, runinga, na baadaye makanisa makubwa ya Nigeria kama Winners' Chapel, ambayo Paul Gifford aliyachunguza Nairobi na kuyaandikia kwenye kitabu chake cha 2009 kuhusu Ukristo na siasa Kenya. Kilichoongezwa hapa nyumbani ni M-Pesa. Tangu 2007 mbegu haingoji tena kapu lipite. Nambari iko kwenye skrini, na unaweza kupanda saa nane usiku ukiwa kitandani na wasiwasi, ambayo ndiyo saa ambapo mtu hupanda vibaya zaidi.

Jambo ambalo watu wachache wanalijua ni kwamba Hagin mwenyewe, karibu na mwisho wa maisha yake, aliandika kitabu, The Midas Touch, kilichotoka 2000, akiwaonya wafuasi wake dhidi ya kutoa kama njia ya kutajirika na dhidi ya kuahidi mara mia kana kwamba ni kanuni ya hesabu. Na wanateolojia Waafrika wa vuguvugu la Lausanne walikutana Akropong, Ghana, 2008 na tena 2009, wakatoa tamko kuhusu mafundisho ya mafanikio. Walikiri kwamba mafundisho haya yanastawi palipo na umaskini mkali, na kwamba kwa wengi ndiyo tumaini pekee wanaloliona. Kisha wakayakosoa. Nataja haya kwa sababu kila mara mtu akiuliza swali kuhusu mbegu huambiwa ni adui wa kanisa. Maswali makali zaidi yameulizwa na watu wa ndani.

Nirudi kwenye kile kilichonishinda kukichukia. Mtoto wa jirani yangu alipolazwa na nimonia, wanawake wanne wa kanisa walifika kabla ya ndugu zake. Mmoja alikuja na unga, mmoja alilala hospitali zamu ya usiku, na walichanga pesa ambazo sikuuliza ni ngapi. Aliyempatia kazi iliyofuata, kwenye kiwanda kingine, alikuwa shemasi aliyesikia kwamba wanaandika watu Jumatatu. Ukiniuliza kama kanisa lile lilimsaidia, nitasema ndiyo bila kigugumizi. Ukiniuliza kama mbegu ilimsaidia, hilo ni swali lingine, na mchungaji anapata faida kubwa yakichanganywa. Unga uliletwa na mtu aliyekaa naye benchi moja. Habari ya kazi ilipitia benchi hilohilo. Katika ushuhuda, baadaye, vyote viwili viliandikwa kwenye akaunti ya ile 5,000.

Kuna utafiti mwingine unaojaribu kutenganisha mambo namna hii. Nchini Ufilipino, Gharad Bryan, James Choi na Dean Karlan walishirikiana na shirika la kiinjili lililokuwa likifundisha familia maskini sana. Zaidi ya familia 6,000 zilihusika. Kwa bahati nasibu baadhi ya vijiji vilipata mafunzo ya afya na riziki pamoja na ya dini, vingine bila ya dini, vingine dini peke yake. Matokeo yalichapishwa 2021. Waliopata mafunzo ya dini walikuwa washika dini zaidi, na kipato chao kilipanda. Ukiishia hapo, mhubiri yeyote wa mafanikio angekodi bango. Lakini hawakuona mabadiliko ya wazi kwenye mali, chakula au kuridhika na maisha, na watu haohao walijiona wako chini zaidi kiuchumi wakijilinganisha na wenzao. Yale hayakuwa mafundisho ya mbegu, tuweke hilo wazi. Ninachokiona ni kwamba imani inaweza kumsukuma mtu afanye kazi kwa namna fulani na apate kidogo zaidi bila yeye kutoa kodi ya nyumba, na kwamba inaweza pia kumwongezea pesa na wakati huohuo kumfanya ajione maskini zaidi.

Hapo ndipo ile "labda niliitoa na shaka" inarudi. Kwangu kosa la mbegu haliko kwenye kuomba pesa, maana kila jumuiya inachanga, na chama chetu cha ploti kilikuwa kinadai kwa ukali kuliko kanisa lolote. Haliko hata kwenye kuahidi. Wanasiasa wanaahidi, kampuni za kamari zinaahidi kila dakika kumi redioni. Kosa liko kwenye namna hasara inavyogawanywa. Kampuni ya bima ikikataa kulipa, inabidi iseme kwa maandishi ni kifungu gani, na unaweza kwenda kulalamika kwa mamlaka inayosimamia bima. Kamari ikikula, unajua umekulwa. Chama kikianguka, mweka hazina anatafutwa mpaka kijijini kwao. Mbegu isipoota, ahadi inabaki safi, aliyepokea anabaki safi, na anayechunguzwa ni aliyetoa. Alikuwa na imani ya kutosha? Alikuwa na dhambi iliyofichwa? Alinung'unika? Hakuna tukio lolote linaloweza kutokea duniani ambalo lingehesabika kama ushahidi kwamba mbegu imeshindwa, kwa hivyo kushindwa kote kunahamia kwake. Alipoteza kazi, akapoteza 5,000, kisha akapoteza kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekuwa amekihesabu: alianza kudhani kwamba kiwanda kilimwacha kwa sababu ya kilichokuwa moyoni mwake.

Mchungaji hakukusudia hilo. Niliwahi kumuuliza, nje, watoto wakikunja viti. Nilimuuliza anawaambia nini waliopanda na hawakuvuna. Alifikiri kwa muda, na naamini alifikiri kweli, akasema, "Nawaambia msimu wao haujafika." Ni jibu la upole. Lakini ukilitazama, nalo haliwezi kukosea kamwe.

Serikali ilijaribu njia yake. Baada ya Kanyari, ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilisimamisha usajili wa makanisa mapya, na mapema 2016 ikaleta rasimu ya kanuni zilizotaka, pamoja na mengine, wahubiri wawe na cheti cha theolojia. Makanisa yalipinga na rasimu ikarudishwa. Sikuhuzunika sana. Cheti hakingebadilisha chochote kwa jirani yangu. Unaweza kuwa na shahada ya theolojia na bado ukampa maiki yule wa kundi la kwanza tu. Kanisa linaweza kuulizwa mambo madogo kuliko hayo. Pesa iliyopandwa ilienda wapi, isomwe Jumapili moja kwa mwaka kama chama kinavyosoma. Na wale 540, wana dakika ngapi?

Jirani yangu hakuhama kanisa. Nilipomweleza habari za Ghana na bima alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo bima ingekuja kulala hospitali na mimi?" Sikuwa na jibu, na bado sina lililokamilika. Alipunguza mbegu, hilo naliona; siku hizi anatuma shilingi 100 na kodi analipa kwanza. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, wakati wa wiki ya shukrani, alimwendea msimamizi wa ibada na kumuuliza kama anaweza kushuhudia kuhusu jambo ambalo aliomba na halikutokea. Anasema hakutaka kulaumu mtu. Alitaka tu kusema kwamba lilimwuma, na kwamba bado yupo.

Msimamizi alicheka, akamshika bega kwa upendo, akamwambia angoje mpaka litokee. Akachukua kalamu, akamruka, akaandika jina la aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.